Kasi ya saa tatu za mwanzo au hesabu ya siku kumi: kipi kikuamulie video yako?

Mwenye chaneli ya YouTube inayozungumzia korosho, awe Masasi, Newala au Nachingwea, ana njia mbili za kuipima video aliyoipandisha. Ya kwanza inampa jibu upesi: imetazamwa mara ngapi ndani ya saa tatu za mwanzo. Ya pili inachelewa: imefika wapi siku ya kumi, na waliotazama walitokea wapi. Wengi huishia kwenye ya kwanza, na si ajabu, maana YouTube Studio yenyewe inaiweka mbele ya macho. Kadi ya Realtime inahesabu saa 48 zilizopita, na video mpya inapewa nafasi yake kati ya video kumi za karibuni, kila moja ikipimwa kwa umri uleule. Ukiwa wa kwanza kati ya kumi unalala kwa raha. Ukiwa wa kumi unaanza kuhangaika na kichwa cha video usiku wa manane.

Nambari ya haraka haidanganyi. Tatizo ni kwamba inatabiri vizuri aina moja ya video na kubahatisha tu kwa aina nyingine, na chaneli nyingi za Kusini zina aina zote mbili ndani ya nyumba moja: video ya bei ya mnada, na video ya kumwonyesha mkulima kazi ya shambani.

Mwaka 2010 watafiti wawili, Gabor Szabo na Bernardo Huberman, walichapisha utafiti uliolinganisha mitandao miwili. Mmoja ulikuwa Digg, ambako watu walikuwa wakipigia kura habari za siku. Mwingine ni YouTube. Walitaka kujua inakubidi usubiri muda gani ndipo uweze kutabiri habari au video itafikia wapi baada ya siku 30. Kwa Digg, saa mbili zilitosha. Kwa YouTube, kupata utabiri wa ubora uleule, walihitaji kufuatilia siku kumi. Sababu yake inaeleweka. Habari ya Digg ilikuwa inachuja ndani ya siku moja, kwa hiyo saa mbili tayari zilikuwa sehemu kubwa ya maisha yake. Video ya YouTube huendelea kutafutwa wiki na miezi baada ya kupandishwa, na saa mbili za kwanza hazijagusa hata sehemu ndogo ya umri huo.

Sasa irudishe kwetu. Video ya bei ya mnada wa vyama vya ushirika kama TANECU au MAMCU, ingawa iko YouTube, inaishi maisha ya Digg. Mkulima anataka kujua leo kilo imeuzwa shilingi ngapi. Mnada unaofuata ukifanyika, ile ya jana haina mteja. Video ya kupulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriubwiri ni kinyume chake: siku unayoipandisha huenda hakuna hata mmoja mwenye shida hiyo, lakini mikorosho ikianza kutoa maua kuanzia Juni hivi, kila siku kuna mtu Tandahimba au Liwale anayeandika kwenye kisanduku cha kutafutia swali ambalo video yako inalijibu.

Tuchukue chaneli ya mfano, ya Masasi, yenye wafuatiliaji elfu sita. Nambari zake nimezitunga ili hesabu ionekane. Wewe utaweka zako. Kinachotafutwa ni kizidishi: jumla ya siku 30 igawanywe kwa hesabu ya saa tatu. Video tano za mnada zilizopita zinatoa vizidishi 2.1, 2.4, 2.5, 2.6 na 3.1. Video tano za shambani zinatoa 6, 9, 14, 30 na 85.

Kabla ya kwenda mbele, tazama kwa nini nimegawanya badala ya kutoa. Watafiti wale waligundua kuwa uhusiano wa mwanzo na mwisho ni wa kuzidisha, na kosa nalo ni la kuzidisha. Video iliyoanza kwa nguvu haikosewi kwa mara mia tu kama ile ndogo. Inakosewa kwa asilimia ileile, kwa hiyo kwa idadi kubwa zaidi. Ndiyo maana pia kwenye orodha ya vizidishi unachukua nambari ya katikati, usijumlishe na kugawanya. Kwa zile za shambani nambari ya katikati ni 14. Ukijumlisha zote na kugawa kwa tano unapata karibu 29, na zaidi ya nusu ya hayo yameletwa na video moja iliyobahatika kufikia 85.

Video mpya ya mnada inapata mara 600 ndani ya saa tatu. Ukizidisha kwa 2.5, unatarajia 1,500 siku ya 30. Ukitumia kizidishi kidogo na kikubwa kabisa, mipaka ni 1,260 na 1,860. Huo ni utabiri unaoweza kuufanyia kazi. Ukimwambia mwenye duka la pembejeo kuwa tangazo lake litaonekana zaidi ya mara 1,200, humdanganyi.

Video mpya ya salfa inapata mara 50 ndani ya saa tatu. Ukizidisha kwa 14, ni 700. Lakini mipaka yake ni 300 na 4,250. Kati ya hapo hakuna la kumwambia mtu yeyote. Kuna jambo lingine linaloharibu zaidi: 50 yenyewe ni ndogo mno. Hesabu ndogo za namna hii huchezacheza kwa bahati tupu kwa kiasi cha kipeuo chake, mara mbili kwenda juu na mara mbili kwenda chini. Kipeuo cha 50 ni 7, kwa hiyo video ileile ingeweza kupata 36 au 64 bila chochote kubadilika, si kichwa wala picha ya jalada. Ukisikia mtu anajisifu kuwa jalada jipya limempandisha kutoka 50 hadi 60 kwa saa tatu, mpe pole tu. Kwenye 600 mchezo huo ni kama 50 juu na chini, ambao haukuumizi kichwa.

Hivi ndivyo video hizo mbili zilivyokwenda, kila moja ikihesabiwa tangu siku yake ya kwanza:

| Umri | Bei ya mnada | Kupulizia salfa |
|---|---|---|
| Saa 3 | 600 | 50 |
| Siku 1 | 1,100 | 110 |
| Siku 10 | 1,420 | 328 |
| Siku 30 | 1,480 | 848 |

Ukisimama kwenye mstari wa kwanza, mnada umeshinda mara kumi na mbili. Siku ya 30 bado unaongoza, lakini si mara mbili. Kinachoamua yaliyobaki hakionekani kwenye jumla, kiko kwenye mwendo wa kila siku. Video ya mnada ilikuwa imeshuka hadi watazamaji watatu kwa siku. Ile ya salfa, kati ya siku ya nne na ya sita, ilitazamwa wastani wa mara 22 kwa siku. Kati ya siku ya nane na ya kumi, mara 26. Haikushuka. Kwa mwendo huo wa 26, inaipita video ya mnada karibu na siku ya 58, na siku ya 120 inakuwa zaidi ya 3,000.

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa video za kufundisha, na hakihitaji programu yoyote zaidi ya Studio: chukua wastani wa siku ya 8 hadi 10, ulinganishe na wastani wa siku ya 4 hadi 6. Ukiwa sawa au umepanda, video ina sakafu, watu wanaifikia wenyewe. Ukiwa umebaki theluthi, imekwisha, hata kama saa tatu zake za mwanzo zilikuwa za kujivunia. Nenda kisha kwenye vyanzo vya watazamaji. Sakafu inayotokana na YouTube search ni ya kutegemewa, kwa sababu shida ya mkulima haimaliziki kwa siku moja. Sakafu inayotokana na Browse features, yaani video kuwekwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa watu, inaweza kukatika wiki ijayo bila maelezo. Vyanzo hivyo havitokei papo hapo. Vinachelewa kama siku mbili, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokufanya maamuzi saa tatu baada ya kupandisha.

Kuna utafiti mwingine, wa Riley Crane na Didier Sornette wa mwaka 2008, uliofuatilia karibu video milioni tano za YouTube. Wao waliangalia zaidi namna video inavyoshuka baada ya kilele kuliko urefu wa kilele chenyewe. Video iliyosukumwa kutoka nje na haikuendelezwa na watazamaji wenyewe huporomoka haraka, na karibu utazamaji wake wote unakuwa siku ileile ya kilele. Iliyopanda kwa watu kupashana wenyewe kwa wenyewe hupanda polepole na kushuka polepole. Video mbili zinaweza kuwa na kilele sawa kabisa na zikawa na mwisho tofauti kabisa. Kwa hiyo hata kwenye kadi ya Realtime, usitazame nambari kubwa ya juu. Tazama vile vijiti vya kila saa vinashukaje.

Msukumo wa nje kwetu una jina: kundi la wasapu. Ukidondosha linki kwenye kundi la AMCOS lenye wanachama mia mbili, saa ya kwanza itang'aa, na kwenye vyanzo utaona External imepanda. Hakuna ubaya kufanya hivyo kwa video ya mnada, wakulima wale ndio wanaohitaji bei. Ila ukianza kuisambaza hivyo leo wakati zile tano za zamani hukuzisambaza, kizidishi chako cha 2.5 hakina kazi tena. Kilipimwa kwa video zilizojiendea zenyewe.

Hapa ndipo ushauri wa "saa moja ya dhahabu" unapowapotosha vijana. Wameona video zinazoanza kwa kasi ndizo zinazofika mbali, wakahitimisha kuwa kasi ndiyo inayozifikisha, basi wanawapigia shangazi na mjomba, tazameni haraka kabla saa haijaisha. Lakini kasi ya mwanzo hutabiri kwa sababu ni dalili kwamba watu wasiokujua wanaitaka video. Ukiitengeneza dalili kwa mkono, nambari inapanda na kilichokuwa nyuma yake hakipandi. Mjomba anayefungua kwa sekunde ishirini na kufunga amekuongezea moja kwenye hesabu, na ameonyesha kuwa video haivutii. Utazamaji wa kulipia nao, ule unaotokea kwenye vyanzo kama YouTube advertising, utoe kabla ya kugawanya chochote. Ule wa kununua kwa matapeli usiuguse kabisa: YouTube inaukataza, na hesabu hizo huondolewa.

Kabla hujailaumu video, angalia pia saa na siku yenyewe. Video ya mnada iliyopandishwa saa kumi na moja jioni, watu wametoka shambani na simu iko mkononi, haiwezi kulinganishwa na iliyopandishwa saa tano usiku. Saa tatu za mwanzo za ile ya pili watu wamelala. Ukitaka kutumia kipimo cha haraka, pandisha saa ileile kila mara, au linganisha za usiku na za usiku. Halafu kuna siku ambazo hazina hesabu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na mtandao ukayumba nchi nzima. Video yoyote ya siku ile iliyoonekana dhaifu haikuwa na kosa. Upande wa pili, Oktoba 2024 bei ya juu kwenye mnada wa kwanza wa TANECU ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Video ya habari kama hiyo inaanza kwa kasi isiyo ya kawaida, na ukiiingiza kwenye orodha yako ya vizidishi itakuharibia msimu mzima. Iweke pembeni.

Na ile nafasi ya "ya ngapi kati ya kumi"? Inakulinganisha na video tisa zilizotangulia bila kuuliza ni za aina gani. Msimu wa minada, Oktoba hadi Januari, tisa zilizotangulia zinaweza kuwa za mnada zote. Ukipandisha video ya kupogoa mikorosho katikati yake, itakuwa ya kumi hata kama ni nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya. Kwa chaneli yenye aina moja tu ya video, nafasi hiyo inasaidia kweli. Kwa chaneli iliyochanganya, ningeipuuza na kuweka daftari lenye safu mbili, moja ya mnada na moja ya shambani.

Video fupi za Shorts zina tatizo lao. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube inahesabu Shorts kila inapoanza kucheza au kurudia, bila kujali imetazamwa muda gani. Kizidishi cha kabla ya tarehe hiyo hakiwezi kutumika baada yake. Hesabu ya zamani bado ipo, inaitwa Engaged views. Tumia hiyo kama unataka kulinganisha za mwaka 2024 na za sasa.

Basi uchague kipi? Inategemea unachotaka kuamua. Kama ni kubadilisha kichwa au jalada la video ya mnada, saa tatu zinatosha, kwa sharti moja: iwe imeanguka chini ya nusu ya ile dhaifu kuliko zote kwenye safu yake. Hapo kuna kasoro, pengine kichwa hakijataja bei wala jina la chama, na kusubiri kesho hakuna maana kwa kuwa kesho video haina kazi. Video ya shambani usiiguse kabla ya siku kumi. Nimeona watu wakibadilisha kichwa cha video ya kufundisha mara tatu ndani ya siku mbili, hadi maneno ambayo mkulima angeyatafuta, salfa, ubwiriubwiri, mikorosho, yameondoka na kubaki kelele tu.

Kama ni kumpangia bei mwenye duka la pembejeo, mwambie nambari ya siku 30 kwa safu husika, na umweleze tofauti. Tangazo lake la leo la bei ya mabomba ya kupulizia linafaa kwenye video ya mnada, kwa sababu wakulima watalisikia wiki hii wakiwa na fedha. Jina la duka na mahali lilipo linafaa kwenye video ya salfa, ambako litaonwa na mtu mwenye shida hiyo hasa miezi minne baadaye. Wa kwanza analipia saa tatu, wa pili analipia sakafu. Mimi kwa chaneli ndogo ningeuza ya pili kwa bei ya juu zaidi kwa kila mtazamaji, ingawa wenye maduka wengi wataanza kwa kuulizia ile yenye nambari kubwa.

Kama ni kuchagua utengeneze nini mwezi ujao, kasi ya saa tatu inakuambia watu wanasikiliza habari gani leo, basi. Haikuambii chochote kuhusu video ambayo msimu wake haujafika, na hapo hata siku kumi zinashindwa. Video ya salfa iliyopandishwa Novemba itakuwa na mwanzo mbovu, siku kumi mbovu na sakafu ya watazamaji wawili kwa siku, kwa sababu Novemba mkulima anaokota korosho, hapulizii dawa. Ukiifuta kwa sababu hiyo umefuta video ambayo bado haijapimwa. Iache ilivyo, na uiandikie kwenye daftari tarehe mbili za kuitazama: katikati ya Juni na katikati ya Julai mwaka unaofuata. Siku hizo linganisha wiki moja na wiki iliyotangulia, na vyanzo vikionyesha YouTube search imeanza kupanda, umri wake wa kweli umeanza siku hiyo. Siku kumi zihesabu kutoka hapo.